Fomu ya mkopo iko mezani, hisa bado hazijanunuliwa

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari hapa Mombasa, nina umri wa miaka 29, na mshahara unaonifikia mkononi baada ya makato ni shilingi 41,000. Benki nina shilingi 100,000 ambazo nimezidunduliza kwa miaka miwili. Mbali na hizo, nina akiba ya shilingi 100,000 katika ushirika wetu wa akiba na mikopo, na kwa kanuni zao akiba hiyo inaniruhusu kukopa mara tatu yake, yaani shilingi 300,000, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua, nikilipa kwa miezi 36 kwa kukatwa mshahara.

Mwalimu mwenzangu alinunua hisa mwaka jana katika Soko la Hisa la Nairobi, na hadi sasa zimepanda kwa karibu nusu ya bei aliyonunulia. Ananiambia kwamba mwenye laki moja atazeeka akisubiri faida, bali mwenye laki nne ataiona mapema. Nia yangu ni kuchukua mkopo huo, niuongeze kwenye zile laki moja za benki, na zote nne nizitie katika hisa za kampuni moja kubwa ambayo kila mtu anaijua na ambayo haiwezi kufilisika. Gawio, ile sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, litanisaidia kulipa mkopo, na bei ikipanda nitauza, nimalize deni na nibaki na faida yangu. Walimu wawili wamekwisha kukubali kunidhamini, na fomu iko mezani ikisubiri sahihi yangu. Vilevile nimeona programu ya simu inayoahidi kumwezesha mtu kununua hisa za ng'ambo kwa thamani kubwa kuliko pesa alizoweka. Je, kosa liko wapi katika mpango wangu?

Mwalimu, Likoni

*

Marahaba, mwanangu. Chukua kalamu na upande wa nyuma wa ile fomu, kwa kuwa jibu langu karibu lote ni hesabu, na hesabu yenyewe haizidi ile unayowafundisha watoto wa kidato cha kwanza.

Tuseme hisa moja ya kampuni hiyo inauzwa shilingi 20. Kwa laki nne utapata hisa 20,000, na ada tuziweke kando kwanza. Sasa bei ishuke hadi shilingi 15. Hisa zako 20,000 zitakuwa na thamani ya shilingi 300,000, na deni lako ni shilingi 300,000. Ukiuza zote siku hiyo na kumlipa aliyekukopesha, hutabaki na kitu. Angalia kilichotokea: bei imeshuka kwa robo tu, lakini pesa yako mwenyewe, ile laki moja ya miaka miwili, imekwisha yote. Bei ikiendelea kushuka hadi shilingi 12, hisa zako zitakuwa na thamani ya shilingi 240,000, na hapo hutakuwa tena mtu aliyepoteza akiba yake, bali mtu asiye na akiba ambaye bado anadaiwa shilingi 60,000 kwa ajili ya kitu alichokwisha kukiuza.

Linganisha na ambaye angetia laki yake moja tu bila ya kukopa. Angenunua hisa 5,000, na bei ilipofika shilingi 15 angebaki na shilingi 75,000, na ilipofika 12 angebaki na shilingi 60,000. Amepata hasara inayouma, sikatai, lakini bado ana hisa zake zote 5,000 na hakuna mtu anayemdai. Hisa ni zile zile, kampuni ni ile ile, na kushuka ni kule kule. Kilichotofautiana ni kwamba kila shilingi ya kwako ilikuwa imebebeshwa shilingi tatu za watu, na hasara ya zote nne huiangukia ile moja iliyo yako. Aliyekukopesha hashiriki hasara hata senti. Yeye anadai laki tatu zake bei ikiwa 40 au ikiwa 4.

Mwenzako hakukudanganya, na haki yake nimpe. Bei ikipanda kutoka 20 hadi 25, hisa zako zitafikia shilingi 500,000, utalipa deni, na laki yako moja itakuwa imekuwa mbili. Ndiyo maana mpango huu huwavutia watu wenye akili timamu. Lakini umesema kwamba kampuni haiwezi kufilisika, na hapo ndipo ninapotaka utulie kidogo, kwa sababu katika hesabu niliyokufanyia kampuni haikufilisika. Huenda mwaka huo ilipata faida, ikalipa gawio na kufungua matawi mapya. Ili akiba yako iteketee haihitaji kuanguka. Inatosha bei yake ipungue kwa robo, na kupungua kwa robo katika soko la hisa si kioja. Hata kampuni bora hupitia hali hiyo mara kadhaa katika maisha yake, wakati mwingine kwa sababu zisizoihusu yenyewe.

Huenda ukanijibu kwamba hutauza siku ile bei itakapokuwa 15, kwamba utaendelea kulipa mkopo polepole kwa mshahara, na kwamba baada ya mwaka deni litakuwa limepungua. Ni kweli litapungua, basi tuifuate hesabu hiyo mpaka mwisho, na sasa ada na riba tuziingize.

Mkopo wa shilingi 300,000 kwa masharti uliyoyataja utakugharimu takriban shilingi 9,960 kila mwezi, ambayo ni karibu robo ya mshahara unaokufikia. Baada ya miezi 12 utakuwa umelipa kama shilingi 119,600, na salio la deni litakuwa kama shilingi 211,700, maana katika ulizolipa shilingi 31,250 hivi zimekwenda kwenye riba. Ada za kununua hisa, ukijumlisha za dalali na za soko na za wasimamizi, hukaribia asilimia 2 ya thamani, na utazitoa tena siku ya kuuza. Kwa ununuzi wa laki nne hizo ni kama shilingi 8,000. Tafadhali ziangalie kwa makini ada hizi, kwa kuwa hutozwa juu ya laki nne zote ilhali zinatoka katika laki moja yako. Kwa mwenye kununua kwa pesa yake ni asilimia 2, kwako ni asilimia 8 ya mtaji wako kabla hata hisa hazijalala usiku mmoja katika akaunti.

Basi mwaka umepita na bei ni shilingi 15. Unauza hisa 20,000 kwa shilingi 300,000, ada inakata 6,000, unabaki na 294,000. Unalipa salio la deni, na mkononi zinabaki shilingi 82,300. Si haba, utasema. Lakini ili uzishike hizo ulitoa laki moja ya benki, ukatoa ada 8,000 ya kununua, ukakatwa 119,600 katika mshahara, jumla shilingi 227,600. Umepoteza shilingi 145,300 kwa mtaji wa laki moja. Deni lilipungua, naam, ila lililolipunguza ni mshahara wako, na hisa hazikuchangia chochote.

Tusilisahau gawio, ambalo umelitegemea. Tuseme kampuni inalipa shilingi 1 kwa kila hisa kwa mwaka, kiasi ambacho kwa bei ya shilingi 20 ni kizuri. Utapata shilingi 20,000, serikali itakata kodi ya asilimia 5 ambayo hutozwa mkaazi wa Kenya, na kwako zitafika 19,000. Hizo hazitoshi hata rejesho la miezi miwili, na rejesho ni la miezi 12. Zaidi ya hayo, gawio hutolewa mara moja au mbili kwa mwaka, pale wakurugenzi wanapoamua kwamba lipo la kutoa, wakati makato ya mkopo hayakosi mwisho wa mwezi hata mmoja. Ukiliongeza katika hesabu ya juu, hasara yako inapungua hadi kama shilingi 126,000, ambayo bado ni kubwa kuliko akiba uliyoanza nayo. Hata kama bei haikushuka kabisa, ili mwisho wa mwaka uuze bila faida wala hasara, hisa iliyonunuliwa kwa shilingi 20 inapaswa kufika karibu shilingi 21 na nusu, na gawio lote nimekwisha kulihesabu humo.

Nimezitumia namba za kubuni ili hesabu iwe nyepesi, lakini jambo lenyewe nililiona kwa macho yangu. Mwaka 2008 nilikuwa karani katika ofisi ya dalali wa hisa hapa Mombasa. Miaka miwili kabla yake serikali ilikuwa imeuza sehemu ya hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, kwa umma kwa shilingi 11 na senti 90, na siku ya kwanza ya kuuzwa sokoni zikapita shilingi 30. Waliokopa kununua zile walilipa madeni yao na kubaki na donge nono, na habari zao zilisimuliwa katika kila matatu na kila baraza. Kwa hiyo serikali ilipotoa hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, kuanzia mwisho wa Machi hadi Aprili 2008, foleni ilitoka mlangoni mwetu ikashuka ngazi mpaka barabarani. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000, na benki nyingi zilikuwa zikitoa mikopo mahususi kwa ajili ya toleo hilo.

Katika foleni ile alikuwamo mzee mmoja mfanyakazi wa bandarini, ambaye namkumbuka kwa sababu alikuwa na bahasha ya kaki aliyoikunja mara nne na kuitia mfuko wa ndani wa koti, na ndani yake mlikuwa na hundi ya benki ya shilingi 200,000. Zote zilikuwa za mkopo, riba asilimia 15 kwa mwaka, miaka mitatu, makato kama shilingi 6,930 kwa mwezi. Aliomba hisa 40,000. Hatukuwa na namna ya kumwambia kwamba maombi ya Wakenya yangezidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, kwani wakati ule hakuna aliyejua. Matokeo yalipotoka, mtu wa kawaida alipata karibu moja ya tano ya alizoomba. Yeye alipata hisa 8,000 hivi, za shilingi 40,000, na shilingi 160,000 zikarudishwa baada ya wiki kadhaa, ambazo zote benki ilizihesabia riba.

Tarehe 9 Juni 2008 hisa hizo zilianza kuuzwa sokoni na bei ikapita shilingi 7. Mzee wangu alikuja ofisini akiwa amevaa kanzu mpya, akaamuru zile 160,000 zilizorudi asizipeleke benki kupunguza deni, bali anunuliwe hisa zaidi kwa bei ile ile ya shilingi 7 na kidogo. Mimi ndiye niliyejaza karatasi. Akawa sasa na hisa 30,000 kwa jumla, na deni lake kamili.

Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa chini ya shilingi 5 ya toleo lenyewe, na mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3. Kampuni haikuwa na ugonjwa wowote. Wateja wake walikuwa wakiongezeka na faida ilikuwapo. Ila masoko ya dunia yalikuwa yameporomoka, wageni wenye hisa nyingi walikuwa wakiuza ili warudishe pesa kwao, na hisa zilizotolewa kwa umma zilikuwa nyingi mno hivi kwamba kila aliyetaka kununua alimkuta muuzaji anamngoja. Gawio la mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2009 lilikuwa senti 10 kwa hisa. Kwa hisa 30,000 hilo ni shilingi 3,000 kabla ya kodi, chini ya nusu ya rejesho lake la mwezi mmoja.

Mnamo Machi 2009, zamu zake bandarini zilipokuwa zimepunguzwa na karo ya watoto ikawa haijalipwa, aliuza zote kwa shilingi 2 na senti 90. Baada ya ada alipata kama shilingi 85,000. Alikuwa amekwisha kulipa benki miezi 10, karibu shilingi 69,300, na bado salio la deni lilikuwa kama shilingi 153,000. Zile 85,000 alizipeleka benki, na kwa shilingi 68,000 zilizobaki aliendelea kukatwa mshahara akiwa hana hisa hata moja.

Sasa ninakuomba uniangalie sehemu hii ya habari, kwa maana ndiyo iliyonifanya niandike kwa urefu. Hisa zile zile mwaka 2021 ziliuzwa kwa zaidi ya shilingi 40. Mzee hakukosea kuhusu kampuni. Alikosea kuhusu muda ambao angeweza kuishikilia. Jirani yake aliyenunua hisa 2,000 kwa pesa ya mauzo ya mbuzi aliziacha zilipo, akakasirika bei iliposhuka, akazisahau, na miaka ilipopita akawa na sababu ya kucheka. Wote wawili walishuka pamoja hadi shilingi 3 kasoro, lakini mwenye mbuzi hakuwa na tarehe ya mwezi inayomgongea mlango. Mkopo ulimnyima mzee subira, na subira ndiyo silaha pekee aliyo nayo mnunuzi mdogo asiye na habari za ndani wala mtaji wa kuongeza.

Wala usidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya mwaka 2008 peke yake. Aliyekopa mwaka 2021 na kununua hisa hizo kwa shilingi 40, akiwa ameshawishika kwa namna bei ilivyokuwa ikipanda miaka yote ya nyuma, alizikuta mwaka 2023 zikiuzwa chini ya shilingi 15. Mkopo wa miezi 36 aliouchukua siku aliyonunua ungekuwa haujakwisha. Rudi kwenye upande wa nyuma wa fomu yako, uweke 15 mahali pa 40, uone laki nne zinabaki ngapi: zinabaki laki moja na nusu, na ulizokopa peke yake ni laki tatu.

Kuna watu wawili katika barua yako ambao umewataja kwa nusu sentensi, na mimi naona wanastahili zaidi. Hao ni wadhamini wako. Katika ushirika wa akiba na mikopo, mdhamini haweki jina tu. Anaweka akiba yake. Ukiugua, ukaachishwa kazi au ukahamia ajira ambayo haikati makato hayo, ushirika utachukua kwanza akiba yako ya shilingi 100,000, na kitakachopungua utakidai katika akiba za wenzako wawili. Nao wasipomaliza kubeba deni lako, huenda wao wenyewe wasiruhusiwe kukopa kwa ajili ya karo au matibabu. Umewaambia kwamba mkopo ni wa kununua hisa, au umewaambia tu kwamba unakopa? Mtu anayedhamini mkopo wa kumalizia nyumba anajua kwamba hata mambo yakiharibika kuta zipo. Huyu wa kwako anadhamini bei ambayo hubadilika kila siku soko linapofunguliwa. Na kumbuka kwamba ile akiba yako ya ushirika haitoki maadamu deni lipo, kwa hiyo mtaji ulioutia hatarini si laki moja uliyoiandika, ni laki mbili.

Upande wa dini kuhusu riba sitauingia, kwa sababu hukuniuliza na si fani yangu. Kama una shaka nalo, yuko wa kumuuliza.

Ile programu ya simu ni mkopo wa namna nyingine, na kwa mwanafunzi wa soko ni mkali kuliko wa ushirika. Ushirika utakukata mshahara bei iwe iwavyo, lakini hautauza hisa zako. Mwenye programu hukukopesha kwa rehani ya hisa zenyewe, na kwa hiyo hulinda pesa yake kwa kuuza bila ya kukungoja. Chukua mfano mpole: unaweka 100, unakopeshwa 100, unanunua hisa za 200, na masharti yanasema sehemu yako isipungue robo ya thamani ya hisa. Bei ikishuka kwa thuluthi, hisa zina thamani ya 133, deni ni 100, yako ni 33, nayo ndiyo robo. Ikishuka nukta moja zaidi utatakiwa uongeze pesa mara moja, na usipoongeza hisa zitauzwa kwa bei hiyo mbaya, hata kama kesho yake itapanda. Huo ni mfano wa kukopeshwa shilingi kwa shilingi. Programu zinazotangaza mara tano au mara kumi huuza bei iliposhuka kidogo sana, na wakati mwingine huuza ukiwa usingizini kwa kuwa soko la Marekani hufunguliwa jioni kwetu. Isitoshe, katika nyingi ya hizo hununui hisa yenyewe, bali unaweka dau juu ya bei yake, na mwenye programu ndiye aliye upande wa pili wa dau hilo. Kwa hilo sina ushauri wa kati na kati: ifute.

Sasa nini cha kufanya na hamu yako, ambayo mimi siioni kuwa mbaya. Ulikuwa tayari kukatwa shilingi 9,960 kila mwezi kwa miezi 36. Ikiwa kweli mshahara wako unaweza kuhimili hilo, basi pesa hiyo unayo, na huna haja ya kuikopa kwanza. Zile laki moja za benki usiziguse. Kwa mshahara wako hizo ni kama miezi miwili na nusu ya maisha, na ndizo zitakazokuzuia kuuza hisa kwa lazima siku mtoto atakapougua au paa litakapovuja. Katika zile 9,960, tenga shilingi 6,000 za hisa, na zilizobaki ziongeze kwenye akiba ya ushirika.

Tazama jinsi hesabu inavyogeuka. Mwezi ambao hisa ni shilingi 20, shilingi 6,000 zitakununulia hisa 300. Mwezi ambao imeshuka hadi 15, zitakununulia 400. Kushuka kule kule ambako kungefuta akiba ya mkopaji kunakupa wewe hisa 100 zaidi kwa pesa ile ile, na hakuna mtu wa kukuharakisha. Nunua za kampuni zaidi ya moja, kwa kupokezana miezi, ili habari mbaya za moja zisikupige kote. Kabla ya kuanza muulize dalali kama ana kiwango cha chini cha ada kwa kila ununuzi, kwa sababu baadhi yao wanacho, na kikiwa shilingi 300 kwa ununuzi wa 6,000 ni afadhali ukusanye miezi mitatu ununue mara moja.

Utakwenda polepole kuliko mwenzako, hilo sikufichi. Ila nakuomba umwulize swali moja ambalo barua yako haikulijibu, nalo ni kama yeye alinunua kwa mkopo au kwa pesa yake. Nimekutana na wengi wanaowashauri wenzao kukopa ilhali wao hawakukopa. Na kama alikopa, mwulize deni limebaki kiasi gani na faida hiyo ameiuza au bado anaisoma kwenye simu tu.

Ukiwa hujatia sahihi, irudishe fomu na uwaambie wale walimu wawili kwamba udhamini wao hauhitajiki tena. Ukiwa umetia sahihi tangu siku ulipoandika na pesa zimekwisha kuingia katika akaunti yako, usione haya kuzirudisha. Riba yako ni ya salio linalopungua, kwa hiyo ukizirudisha ndani ya mwezi mmoja utapoteza shilingi 3,000 za riba pamoja na ada ya kushughulikia mkopo kama ipo. Nenda na barua ya kuomba kulipa mkopo wote kabla ya muda, uandikiwe stakabadhi inayoonyesha salio ni sifuri, na umfikishie mhasibu wa mishahara nakala yake kabla hajafunga orodha ya makato ya mwezi huu.